Dai la "tumepunguza kwa 21%" na safari yake ya kurudi kiambatishoni

"Mimi ni afisa mahusiano ya wawekezaji katika kampuni ya saruji. Nimepewa ripoti yetu ya uendelevu, kurasa 118, niifupishe kwa kurasa mbili: tunadai nini, takwimu zipi zinaunga mkono, na wapi hatujaeleza. Nimejaribu mara mbili na zote zimetoka kama salamu za mwenyekiti. Nakosea wapi?"

Bila shaka ulianza na ukurasa wa kwanza. Ripoti hizi hupangwa ili msomaji akutane na maneno kwanza na namba baadaye, na ukizifuata kwa mpangilio huo utakuwa umeshakubali hadithi kabla hujaona kilichoijenga. Anza nyuma. Soma kwanza kiambatisho cha takwimu, kisha sehemu inayoeleza hesabu zilivyofanywa (mara nyingi ni nusu ukurasa wa maandishi madogo yenye kichwa kama "misingi ya uandaaji"), kisha barua ya mhakiki. Hapo ndipo urudi mbele kusoma madai. Utakuwa unasoma kila sentensi ukijua tayari ni namba zipi zipo na zipi hazipo.

Dai, kwa kazi yako, ni sentensi inayoweza kuthibitika kuwa si kweli. "Tunathamini mazingira" haiwezi kukanushwa na mtu yeyote, kwa hiyo haingii kwenye muhtasari. "Tumepunguza uzalishaji wa hewa ukaa kwa 21% tangu 2019" inaweza kukanushwa, basi hiyo inaingia. Ahadi za baadaye, kama kufikia sifuri halisi mwaka 2050, ziweke pembeni kwenye fungu lake. Hizo hazipimwi kwa namba za mwaka huu, zinapimwa kwa mpango na fedha zilizotengwa. Ukifanya mchujo huo, usishangae kurasa 118 zikabaki na madai kumi au kumi na mawili. Niliposhika kazi hii nilikuwa natoa madai arobaini kwa ripoti moja, na nusu yake yalikuwa mapambo.

Badala ya kupita juu ya madai yote, nichukue moja nilipekue hadi mwisho, kwa sababu ndilo ambalo wachambuzi watakuuliza kwanza na ndilo lenye mitego ya sekta yako. Namba nitakazotumia nimezitunga kwa ajili ya mfano, ila umbo lake ni la kweli kabisa.

Tuseme ukurasa wa 6 umeandika: "Tangu 2019 tumepunguza uzalishaji wetu wa hewa ukaa kwa 21%." Nakili sentensi hiyo neno kwa neno na uandike namba ya ukurasa. Usiifupishe. Neno "wetu" litakuja kuwa na kazi kubwa hapo chini, na mtu anayefupisha haraka ndilo analolitupa.

Sasa nenda kiambatishoni utafute namba mbili zinazozaa asilimia hiyo. Unakuta jumla ya tani 2,200,000 mwaka 2019 na tani 1,740,000 mwaka 2024. Tofauti ni tani 460,000, ambayo ukiigawa kwa 2,200,000 inakupa 20.9%. Hesabu inakubali. Wengi huishia hapo: wanaandika dai, wanaweka namba mbili kando yake na kuhamia dai linalofuata. Lakini kukubali kwa hesabu kunaonyesha tu kwamba aliyeandika ukurasa wa 6 alisoma kiambatisho. Bado hujui namba hizo zimehesabu nini.

Fungua jumla hiyo. Utakuta imejengwa na sehemu mbili. Wigo wa 1 ni hewa ukaa inayotoka moja kwa moja kwenye mitambo ya kampuni, yaani matanuri na magari yake. Wigo wa 2 ni ile inayotokana na umeme ulionunuliwa. Katika mfano wetu Wigo wa 1 umeshuka kutoka tani 2,000,000 hadi 1,690,000, na Wigo wa 2 umeshuka kutoka 200,000 hadi 50,000.

Simama kwenye Wigo wa 2 kwanza, maana kushuka kwa robo tatu ndani ya miaka mitano, ilhali vinu vya kusaga saruji bado vinazunguka, ni jambo la kuuliza. Mwongozo wa 2015 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesijoto, unataka kampuni iliyo kwenye soko lenye mikataba au vyeti vya umeme itoe namba mbili za Wigo wa 2. Ya kwanza inatumia wastani wa gridi ya mahali kiwanda kilipo. Ya pili inatumia mikataba na vyeti ambavyo kampuni imenunua, hata kama umeme uliofika kiwandani ni uleule wa jana. Ukishuka chini ya jedwali, kwenye tanbihi, unakuta kwamba kwa njia ya gridi Wigo wa 2 ulikuwa tani 190,000 mwaka 2024. Mwaka 2019 hakukuwa na vyeti, hivyo njia zote mbili zilitoa 200,000.

Maana yake ni kwamba katika zile tani 460,000 zilizopungua, tani 140,000 zimetokana na vyeti vya umeme jadidifu. Kampuni haijadanganya, njia hiyo inaruhusiwa. Ila ukurasa wa 6 haukusema ni njia gani, na kwa njia ya gridi jumla inakuwa tani 1,880,000, yaani upungufu wa 14.5%. Kwa kuwa IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha kuwapa wawekezaji taarifa za tabianchi, kinataka namba ya gridi itolewe, mchambuzi ataitafuta hiyo kabla ya nyingine yoyote. Andika zote mbili.

Tuje kwenye Wigo wa 1, ambako sekta ya saruji ina tabia yake. Karibu 60% ya hewa ukaa ya klinka, yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, haitoki kwenye mafuta wala makaa yanayochomwa. Inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapopashwa moto na kuachia kaboni iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kubadilisha mafuta ya tanuri kunagusa sehemu ndogo tu ya tatizo. Kampuni ikitaka Wigo wa 1 ushuke sana ina njia chache: izalishe saruji kidogo, itie klinka kidogo zaidi ndani ya kila tani ya saruji, au iache kuchoma klinka yenyewe na ikanunue iliyochomwa na mwingine.

Ukishajua hilo, unajua cha kutafuta. Angalia uzalishaji wa saruji: tani milioni 3.2 miaka yote miwili, basi njia ya kwanza imetoka. Angalia uwiano wa klinka katika saruji: 75% mwaka 2019, 73% mwaka 2024. Umeshuka kidogo. Kisha tafuta klinka iliyonunuliwa. Mara nyingi haimo kwenye sura ya tabianchi kabisa, imekaa kwenye sura ya malighafi au hata kwenye ripoti ya fedha chini ya gharama za uzalishaji. Katika mfano wetu imetajwa ukurasa wa 94: tani 50,000 mwaka 2019, tani 350,000 mwaka 2024. Na ukurasa wa 41, katika aya ya matengenezo, kuna sentensi moja kwamba tanuri la pili lilizimwa mwaka 2022.

Hapo piga hesabu, na useme wazi kwamba ni yako. Tani moja ya klinka ya kawaida hutoa takribani tani 0.8 hadi 0.9 za hewa ukaa. Tumia 0.85. Ongezeko la tani 300,000 za klinka ya kununua ni sawa na tani 255,000 za hewa ukaa zilizokuwa zikihesabiwa kwako na sasa zinahesabiwa kwa muuzaji. Wigo wa 1 ulishuka kwa 310,000. Toa 255,000 na zinabaki 55,000. Ongeza 10,000 za umeme kwa njia ya gridi. Jumla ni tani 65,000, yaani karibu 3% ya zile 2,200,000.

Kwa hiyo neno "wetu" kwenye ukurasa wa 6 limebeba mzigo wote. Uzalishaji *wetu* umeshuka kwa 21%. Uzalishaji unaotokana na kuitengeneza saruji tunayouza, kutoka tanuri hadi mfuko, umeshuka kwa karibu 3%, isipokuwa muuzaji wa klinka ana tanuri bora kuliko wastani. Na hilo huwezi kulijua, kwa sababu hewa ukaa ya bidhaa zinazonunuliwa huwekwa kwenye Wigo wa 3, ule wa hewa ukaa inayotoka kwa wengine kabla na baada ya kampuni, kundi la 1, na ripoti yetu ya mfano imetoa Wigo wa 3 kwa makundi mawili tu kati ya 15: safari za kikazi na taka. Safari za kikazi katika kampuni ya saruji! Ni kama mwenye lori kukuonyesha risiti ya hewa ya matairi ulipomuuliza kuhusu dizeli.

Sasa tuandike pengo, na hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri waliyoifanya. Pengo si lawama, wala si makadirio yako. Ni swali ambalo mtu mmoja anayejulikana ndani ya kampuni anaweza kulijibu kwa kutoa namba au waraka. Ukiandika "ripoti haina uwazi kuhusu klinka", hakuna atakayejua afanye nini. Kwa dai letu, mimi ningeandika hivi:

Dai. "Tangu 2019 tumepunguza uzalishaji wetu wa hewa ukaa kwa 21%" (uk. 6).

Takwimu. Wigo wa 1 na wa 2 kwa pamoja: tani 2,200,000 (2019), tani 1,740,000 (2024), uk. 103. Asilimia inakubali. Wigo wa 2 umehesabiwa kwa mikataba na vyeti. Kwa njia ya gridi upungufu ni 14.5% (hesabu yetu kutoka tanbihi, uk. 103). Klinka iliyonunuliwa imepanda kutoka tani 50,000 hadi 350,000 (uk. 94). Tanuri la pili lilizimwa 2022 (uk. 41).

Pengo. Ripoti haihusishi kuzimwa kwa tanuri na kushuka kwa Wigo wa 1, na haitoi hewa ukaa ya klinka iliyonunuliwa. Kwa kadirio la 0.85 kwa tani, ongezeko hilo ni takribani tani 255,000 (kadirio letu, si la ripoti). Maswali: ni kigezo gani cha hewa ukaa kwa kila tani ambacho muuzaji ametoa kwa klinka yake? Je, mwaka wa msingi, yaani 2019, ulifikiriwa kuhesabiwa upya baada ya 2022, na uamuzi umeandikwa wapi?

Swali la mwisho lina msingi wake. GHG Protocol inataka mwaka wa msingi uhesabiwe upya pale kampuni inapohamishia nje shughuli inayotoa gesijoto, kama mabadiliko ni makubwa. Kuna ruhusa ya kutofanya hivyo ikiwa kampuni inaripoti uzalishaji wa shughuli hiyo iliyohamishwa mahali pengine katika hesabu zake. Kampuni yetu ya mfano haikufanya moja wala jingine. Mchambuzi anayejua saruji atalifikia jambo hili kwa dakika ishirini, na ni afadhali likukute na jibu.

Ona pia kwamba nimetenganisha aina tatu za namba: iliyochapishwa, niliyoihesabu kutoka zilizochapishwa, na niliyoikadiria kwa kigezo cha nje. Zikichanganyika, mkurugenzi wako atasimama mbele ya wawekezaji akataja tani 255,000 kana kwamba kampuni imezitangaza. Nilishaona jambo la namna hiyo likitokea. Waraka wa ndani ulikuwa na kadirio lisilo na alama, likasomwa kwa sauti kwenye mkutano, na wiki mbili zilizofuata zilikwenda kwenye kuandika ufafanuzi.

Kosa la upande wa pili ni kutangaza pengo lisilokuwepo. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii niliandika kwamba kampuni fulani haikueleza ni viwanda vipi vimo kwenye hesabu. Maelezo yalikuwepo, kwenye tanbihi ya ukurasa wa mwisho, herufi ndogo kama sisimizi. Tangu hapo sijaandika "haikuelezwa" bila kupekua sehemu nne: tanbihi za jedwali lenyewe, misingi ya uandaaji, jedwali la marejeo ya viwango mwishoni (lile la GRI au la IFRS linaloonyesha kila kipengele kiko ukurasa gani), na ripoti ya fedha ya mwaka huohuo. Nikikosa kote huko, naandika "hatukuona", pamoja na mahali nilipotafuta.

Na si kila kisichokuwepo ni pengo. Ripoti ikisema "hatujajumuisha bidhaa zilizonunuliwa kwa sababu wauzaji wawili hawajatoa data, tutaanza mwaka ujao", hiyo ni nafasi iliyoelezwa. Iweke kwenye muhtasari kwa mstari mmoja, na uiandikie kumbukumbu ya kuifuatilia mwakani. IFRS S2 yenyewe inatoa nafuu ya kutotoa Wigo wa 3 katika mwaka wa kwanza wa kuitumia, hivyo angalia kampuni iko mwaka wa ngapi kabla hujaandika neno pengo. Kinachokuhusu zaidi ni ukimya: jambo linalobadilisha maana ya dai, ambalo vipande vyake vimo kwenye ripoti lakini hakuna aliyeviunganisha.

Kuna ukimya mmoja unaopatikana tu kwa kufungua ripoti ya zamani. Chukua ripoti ya mwaka 2019 na utazame namba ya 2019 iliyokuwa imeandikwa humo. Ikiwa wakati ule ilikuwa tani 2,050,000 na leo inaitwa 2,200,000, mwaka wa msingi umepandishwa, na kila msingi unapopanda upungufu unaonekana mkubwa. Huenda kuna sababu halali kabisa: kiwanda kilichonunuliwa na kurudishwa nyuma kwenye hesabu, au kigezo kilichorekebishwa. Sababu hiyo lazima iwe imeandikwa. Kazi hii ni ya dakika tano na ajabu ni kwamba wachache huifanya.

Barua ya mhakiki nayo isome kwa macho ya mkaguzi wa stoo. Mbele ya ripoti kutaandikwa "takwimu zimehakikiwa", lakini barua itasema ni viashiria vipi hasa, na kwa kiwango gani. Uhakikisho wenye mipaka, ambao ndio wa kawaida kwa ripoti hizi, huishia kwenye kauli ya aina ya "hatukuona jambo la kutufanya tuamini kuwa si sahihi". Uhakikisho wa kutosha, kama ule wa hesabu za fedha, unasema kwamba taarifa zimeandaliwa ipasavyo, na umefanyiwa kazi nyingi zaidi. Katika mfano wetu barua imehusu Wigo wa 1 na wa 2 pekee. Klinka ya ukurasa wa 94 haimo. Kando ya kila takwimu weka alama moja tu: imehakikiwa au haijahakikiwa.

Madai mengine yatakwenda haraka zaidi ukishazoea mwendo huu, ila la usalama kazini lina mtego wake. Kiwango cha ajali hutolewa kwa kila saa 200,000 za kazi au kwa kila saa 1,000,000, kutegemea kampuni, na tofauti ni mara tano. Ajali 0.4 kwa saa 200,000 ni sawa na 2.0 kwa saa milioni moja. Uliza pia kama wafanyakazi wa makandarasi wamo. Kwenye machimbo na usafirishaji, kazi nyingi za hatari ziko mikononi mwa makandarasi, na kiwango kinachohesabu waajiriwa pekee kinaweza kushuka mwaka ambao mambo yameharibika.

Kuhusu kurasa mbili: usigawe nafasi sawasawa. Dai la hewa ukaa litachukua nusu ya ukurasa wa kwanza. Mengine yasiyo na pengo yanatosha mstari mmoja mmoja, dai, namba, ukurasa, basi. Bosi wako akiuliza kwa nini maji yamepata mstari mmoja, jibu ni kwamba namba zilikubali na mipaka imeelezwa.

Mapengo yapeleke kwa timu ya uendelevu na ya fedha angalau wiki mbili kabla ya mkutano wa wawekezaji, kila swali likiwa na jina la anayepaswa kulijibu. Kigezo cha klinka, kwa mfano, mara nyingi kiko kwa watu wa manunuzi, ambao hawajawahi kuulizwa. Jibu likija, usimpe mchambuzi mmoja kwa simu. Namba ya hewa ukaa ya klinka inaweza kuwa taarifa nyeti kwa bei ya hisa, hasa kama kuna mkopo ambao riba yake imefungwa na lengo la hewa ukaa. Mwulize mwanasheria wa kampuni, na kama inafaa kutoka, itoke kwa wote kwa wakati mmoja. Hadi hapo, ukipigiwa simu na kuulizwa kuhusu tanuri la pili, unachoweza kusema ni kilichoko ukurasa wa 41, ukurasa wa 94 na ukurasa wa 103, kwa mpangilio huo.